Pesa za Kisima Haziwezi Kununua Unga

Maandishi ya mazungumzo kwa wanakamati na waweka hazina wa vituo vya watoto, makanisa na vikundi vya hisani, Mwea



Mpunga ukishavunwa na kuuzwa, Mwea huwa na msimu wa harambee. Kadi za mchango husambazwa Ngurubani, Kimbimbi, Kutus na hadi Nairobi kwa watoto wa hapa wanaofanya kazi huko. Moja ni ya kisima, nyingine ya karo, nyingine ya paa la kanisa. Pesa zinakuja, zinaingia benki au kwenye simu, na hapo ndipo swali la leo linapoanza: je, shilingi ikishaingia katika akaunti ya kituo, kamati ina ruhusa ya kuitumia kwa lolote linalobana siku hiyo?

Jibu ni hapana. Mfano ufuatao umebuniwa ili kila mtu auone bila kumnyoshea yeyote kidole, lakini hesabu zake ni za kawaida kabisa.

Kituo kimoja cha watoto kina akaunti moja ya benki. Tarehe 1 Julai kilikuwa na shilingi 200,000 ambazo hazikuwa na sharti lolote. Katika miezi sita iliyofuata kilipata sadaka na mauzo ya mchele wa shamba lake, jumla 340,000, nazo pia ni za matumizi ya kawaida. Kikafanya harambee ambayo kadi yake iliandikwa waziwazi: kuchimba kisima na kuweka tangi. Zikapatikana 900,000. Kisha mfadhili mmoja akaleta 160,000, akaeleza kwa barua kwamba ni za karo ya watoto wanne wa sekondari.

Katika miezi hiyo hiyo kituo kilitumia 720,000 kwa chakula, mishahara na umeme. Kilimlipa mtaalamu aliyepima maji ya ardhini 60,000, na kikalipa karo ya muhula mmoja 80,000. Kazi ya kisima ikasimama hapo, kwa sababu kabla ya kuchimba lazima kibali kipatikane kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Pesa za kisima zikabaki benki zikisubiri.

Mwisho wa Desemba kamati inakutana. Mwenyekiti anauliza, "Mama mweka hazina, benki tuko na ngapi?" Naye anajibu, "Mzee, tuko na 740,000." Kila mtu anafurahi. Mmoja anapendekeza waongeze mfanyakazi wa jikoni. Hakuna aliyeiba, risiti zote ziko kwenye faili, na salio la benki ni la kweli. Hata hivyo kituo hiki kiko taabani na hakijui.

Tuzigawe sasa pesa hizo katika vikapu vitatu, kila kikapu na sharti lake:

| | Za jumla | Za kisima | Za karo |
|---|---|---|---|
| Zilizokuwepo na zilizoingia | 540,000 | 900,000 | 160,000 |
| Zilizotumika | 720,000 | 60,000 | 80,000 |
| Salio | pungufu 180,000 | 840,000 | 80,000 |

Ukijumlisha masalio hayo matatu utapata 740,000 ile ile ya benki. Lakini sasa inaonekana kitu ambacho karatasi ya benki haikukionyesha. Kikapu cha matumizi ya kawaida kilikwisha siku nyingi, na kituo kikaendelea kununua unga na kulipa mishahara. Pesa hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika kikapu cha kisima, kidogo kidogo, hadi zikafika 180,000. Kibali kikitoka na mchimbaji akidai 820,000 zake, akaunti yote haitatosha hata kama karo ya muhula ujao itaachwa bila kulipwa.

Huu ndio uhasibu wa mifuko. Akaunti ya benki inaweza kuwa moja, lakini katika vitabu kila pesa yenye sharti ina ukurasa wake: ilipoingia, ilipotumika, na kilichobaki. Anayehitaji daftari tu anaweza kutumia daftari lenye safu tatu. Kinachotakiwa ni kwamba kila hati ya malipo iandikwe, siku ile ile inapolipwa, ni ya kikapu gani. Ukingoja mwisho wa mwaka, hakuna atakayekumbuka saruji ile ilikuwa ya tangi au ya kukarabati jiko.

Wengine huuliza sharti linatoka wapi, ikiwa hakuna mkataba uliotiwa sahihi. Linatoka katika maneno yaliyotumika kuomba. Mwaka 2011, ukame ulipouma kaskazini mwa nchi, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, Safaricom, KCB na vyombo vya habari waliendesha kampeni ya Wakenya kwa Kenya. Watu walituma pesa kwa simu, wengine shilingi kidogo sana. Hakuna aliyetia sahihi popote, lakini kila mmoja alijua anatoa kwa ajili ya waliokuwa wakifa njaa. Ombi lenyewe ndilo lililoweka sharti. Kadi ya harambee ya Mwea ina nguvu hiyo hiyo.

Na sharti hilo likipuuzwa, hata shirika kubwa huyumba. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya zaidi ya dola milioni 500 katika mfuko maalumu. Ilipojulikana kwamba sehemu ya pesa ingetumika kwa mahitaji mengine ya shirika, yakiwemo maandalizi ya majanga ya baadaye, umma ulikasirika na wabunge wakaanza kuuliza maswali. Mahitaji hayo hayakuwa mabaya. Lakini waliotoa waliamini wanawapa waathiriwa wa siku ile. Mnamo Novemba 2001 shirika lilibadili msimamo na kutangaza kwamba mfuko wote ungewaendea walioathiriwa.

Serikali nayo inafungwa na kanuni ya namna hii. Kifungu cha 202 cha Katiba kinasema kaunti inaweza kupewa mgao wa ziada kutoka sehemu ya serikali ya kitaifa, wenye masharti au usio na masharti. Ule wenye masharti una kazi yake, na kaunti haiwezi kuuhamishia kazi nyingine kwa sababu tu pengo limetokea upande huo.

Lazima hapa itofautishwe pesa yenye sharti la mtoaji na pesa ambayo kamati yenyewe imeitenga. Kamati ikiamua kuweka kando 50,000 kutoka sadaka za kawaida ili kupaka rangi bweni, kisha mvua ikaezua paa la jiko, inaweza kukutana, ikaandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba imebadili uamuzi, na ikatumia 50,000 hizo kwa paa. Iliyofunga ndiyo inayofungua. Lakini sharti la mtoaji halifunguliwi na kura ya kamati, hata wote wakikubaliana, na hata kama shida iliyopo ni kubwa na ya haki. Kwa sababu hiyo, kusema "tutazikopa tu, tutarudisha" hakusaidii. Kikapu cha jumla kilichoshindwa kulisha watoto mwezi huu hakina mahali pa kutoa deni mwezi ujao.

Kituo cha mfano wetu kifanye nini, basi? Kwanza, kisiongeze matumizi yoyote ya kawaida. Ile 740,000 si ziada, ni pengo. Pili, kamati iandike katika kumbukumbu zake kwamba 180,000 za kisima zimetumika kwa chakula na mishahara, na jinsi zitakavyorudishwa: kwa mfano, sadaka na mauzo ya mchele ya msimu ujao yaanzie hapo, au harambee mpya ifanywe ambayo kadi yake itasema kweli kwamba ni ya gharama za kawaida. Tatu, kiwaambie waliochanga. Habari ya pengo ikitoka kwa mwenyekiti ni maelezo. Ikitoka kwa mchimbaji aliyekosa kulipwa, ni kashfa.

Na ikiwa kazi yenyewe imeshindikana, tuseme vipimo vimeonyesha maji ya chumvi? Hapo kamati humwandikia mtoaji, ikamweleza, na kuomba ruhusa ya matumizi mengine. Jibu liwe la maandishi, nalo lihifadhiwe. Kwa mfadhili mmoja wa karo hilo ni barua moja. Kwa harambee ya watu mia tatu ni kazi ngumu, na mambo yakishindikana kabisa njia huishia mahakamani. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za madai inamruhusu Mwanasheria Mkuu, au watu wawili au zaidi wenye maslahi na wenye idhini yake ya maandishi, kupeleka Mahakama Kuu shauri kuhusu mali ya hisani ya umma. Mtu anayedhani pesa za harambee hazina mwenyewe, ajue kwamba zina wa kuziulizia.

Usumbufu wote huo unaweza kuepukwa kwa sentensi moja iliyochapishwa kwenye kadi kabla ya shilingi ya kwanza kuingia: "Iwapo pesa zitazidi, au kazi hii isiwezekane, kamati itazitumia kwa mahitaji mengine ya kituo." Vilevile, kama kisima kitahitaji mtu wa kukisimamia, na nauli za kufuatilia kibali, gharama hizo ziandikwe katika bajeti ya harambee yenyewe. Vituo vingi huomba pesa za ukuta na tangi tu, kisha hulazimika kunyofoa za usimamizi kwa siri, ilhali wachangaji wangekubali kama wangeambiwa.

Limebaki jambo moja ambalo mwanakamati yeyote anaweza kulifanya, hata asiyejua uhasibu. Katika mkutano ujao, msiulize tu benki kuna ngapi. Mwambieni mweka hazina asome kwanza jumla ya pesa zote zenye masharti ambazo bado hazijatumika kwa kazi yake, ndipo asome salio la benki na la simu. Salio likiwa kubwa kuliko jumla hiyo, tofauti ndiyo pesa mnayoweza kuipangia. Likiwa dogo, kama 740,000 mbele ya 920,000, basi kuna sharti ambalo tayari limevunjwa, na mjadala wa mfanyakazi mpya wa jikoni usubiri hadi ijulikane ni kikapu cha nani kilichotobolewa.