Asali ya Kitahana na Swali la Mnunuzi Wake

Mwaka 1956 Wendell Smith, mtaalamu wa masoko wa Marekani, alieleza kwamba soko ambalo wanunuzi wake hawafanani linaweza kutazamwa kama masoko madogo kadhaa, kila moja likiwa na mahitaji yake. Utaratibu huo huitwa mgawanyo wa soko, na kundi ambalo muuzaji huamua kulihudumia kuliko mengine huitwa kundi lengwa. Katika miji mikubwa uamuzi huu hudhaniwa kuwa kazi ya matangazo. Lakini kwa mrina asali wa Kitahana na vijiji vingine vya Kibondo na Kasulu, ambako mizinga hutundikwa katika misitu ya miombo, uamuzi hufanyika msituni siku ya kurina, kwa sababu asali ikishaharibika mtungini hakuna lebo inayoweza kuirekebisha.

Wanunuzi wa asali hiyo ni wa aina tatu. Wa kwanza ni wapika pombe ya asali, yaani wanzuki, ambao hutaka utamu mwingi kwa bei ndogo na hawajali masega yenye majana wala harufu ya moshi. Wa pili ni wafungashaji wakubwa wa nchi za nje, ambao hupima kila pipa katika maabara na kununua kwa tani. Wa tatu ni kaya za mijini, Kigoma, Mwanza au Dar es Salaam, zinazonunua chupa moja baada ya nyingine huku zikihofia kuuziwa asali iliyochanganywa na sukari.

Mrina anayetaka kuwauzia wote watatu kwa asali moja hulazimika kurina kwa namna moja, na kwa kawaida namna hiyo huwa ile inayomridhisha asiye mchaguzi. Masega yote hukatwa kwa pamoja, yaliyoiva na mabichi, kisha hukamuliwa katika ndoo moja. Sega lililoiva ni lile ambalo nyuki wamekwisha kulifunika kwa nta. Lisilofunikwa bado lina maji mengi. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Kodeksi huweka ukomo wa maji katika asali kuwa asilimia 20, na inapozidi hapo hamira zilizomo humo huweza kuamka na kuichachua. Kwa mpika pombe hilo si hasara, kwa kuwa uchachu ndio anaoutafuta. Kwa kaya ya mjini ni povu juu ya chupa, kifuniko kilichovimba na mteja asiyerudi.

Hesabu ndogo huonyesha ni kundi lipi linalofaa. Tuchukulie kikundi chenye mizinga 100, kila mmoja ukitoa kilo 10 kwa msimu: jumla ni tani moja, ilhali kontena la futi 20 la asali ya mapipa hubeba karibu tani 20. Kikundi hicho kikimlenga mfungashaji wa nje, kitakuwa sehemu moja ya ishirini ya mzigo wake, na asali yake itachanganywa na ya watu kisichowajua. Tani hiyohiyo, kwa kuwa lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, ni chupa zipatazo 1,400 za nusu lita, na idadi hiyo inaweza kumalizwa na kaya mia chache zinazonunua kila baada ya miezi kadhaa. Kwa wadogo, basi, kaya ya mjini ndiyo kundi la kulengwa.

Chaguo hilo lina gharama, na ni haki gharama hizo zitajwe. Mrina huacha mzingani masega mabichi ambayo mpika pombe angeyalipia leo. Hutumia bomba la moshi mwepesi badala ya mwenge unaoacha harufu. Hununua refraktomita, kifaa kidogo kinachosoma kiasi cha maji kwa tone moja. Na hufunga vyombo mara moja, kwani asali hunyonya unyevu wa hewa. Masega yaliyochanganyika na majana bado yanaweza kwenda kwa wapika pombe, mradi yawe mabaki ya kazi na yasiwe ndiyo yanayopanga siku ya kurina.

Lipo pia jambo ambalo ubora peke yake hauliondoi. Asali safi huweza kuganda, na wanunuzi wengi wa mjini huchukulia chembe hizo kuwa sukari. Aliyechagua kundi hili analazimika kuandika juu ya chupa kwamba kuganda ni kawaida, na kwamba chupa ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu asali hulainika. Muuzaji asiyejua ni nani anayefungua chupa hana sababu ya kuandika maelezo hayo. Kipimo cha kufaulu kwa chaguo la kulenga kaya ni idadi ya kaya zinazonunua chupa ya pili, ambayo hujulikana tu pale majina na simu za wanunuzi wa kwanza yanapowekwa daftarini tangu mwanzo. Mauzo ya msimu mmoja, hata yakiwa makubwa, yanaweza kuwa ya watu waliojaribu na kukata tamaa.