Umeme wa Bangili, Karibu na Mbali

Katika somo lililopita tuliona jinsi chaji ya umeme iliyo katika nukta moja inavyosukuma: ukienda mbali mara mbili, nguvu hupungua ikawa robo. Coulomb, mtaalamu wa Kifaransa, aliieleza kanuni hiyo mwaka 1785. Leo chaji haikai katika nukta, bali imeenea sawasawa katika bangili.

Chukua bangili ya shaba, uitundike kwa uzi mkavu wa hariri, isiguse kitu. Ukiipa chaji, itaenea mzunguko mzima. Usisogeze mkono karibu, maana mkono huvuta chaji upande mmoja na hesabu yetu ikaharibika. Kutoka kati hadi ukingoni ni sentimeta 3. Sasa fikiri mstari unaopita kati ya bangili, kama ekseli ipitavyo katika gurudumu. Juu ya mstari huo tunaweka chembe ndogo yenye chaji ya aina ileile.

Wengi hudhani kwamba nguvu ni kubwa kabisa pale kati. Sivyo. Pale kila kipande cha bangili huisukuma chembe, na kipande cha ng'ambo huirudisha kwa nguvu ileile. Nguvu ni sifuri.

Haya, tusogee sentimeta 4 juu ya mstari. Chaji yote ingalikuwa katika nukta ya kati, tuseme nguvu ingalikuwa 100. Lakini chaji iko ukingoni, na hadi ukingoni si 4, ni 5. Kwa kuwa 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, na jumla ni 25. Basi 100 mara 16, gawa kwa 25, ni 64. Bado hatujamaliza! Kila kipande husukuma mshazari. Msukumo wa pembeni hufutwa na kipande cha ng'ambo. Unaofuata mstari tu ndio hubaki, nao ni sehemu 4 katika 5. Kwa hiyo 64 inakuwa 51 na kidogo. Mwenzako akipata 64, amesahau hatua hii.

Hivyo nguvu huanza sifuri, hupanda mpaka kama sentimeta 2 kutoka kati, kisha hushuka.

Je, tukienda sentimeta 30? Hadi ukingoni ni sentimeta 30 na milimeta moja na nusu tu, na mshazari karibu hauonekani. Tunapata 98 na nusu katika 100. Bangili imekuwa kama nukta. Ukienda sentimeta 60, nguvu itashuka karibu sana na robo, kama Coulomb alivyosema.

Lakini "mbali" hupimwa kwa bangili yenyewe. Ukichukua gurudumu lenye sentimeta 30 kutoka kati hadi ukingoni, umbali uleule wa 30 utakupa 35 tu katika 100. Kupata 98 na nusu, itakubidi uende mita 3.