Mwanamume Kamili: Kipimo Kilitoka Wapi, na Nani Anakifikia?



Mazungumzo haya yanatokana na insha ya darasa la masomo ya jinsia. Mwanafunzi aliulizwa aeleze maana ya uanaume tawala na aonyeshe unavyowabana wanaume wa Meru na Embu. Aliandika kwamba mwanamume wa huku amelelewa tangu jadi kuwa mlishaji wa nyumba, mwenye shamba na msemaji wa mwisho, na kwamba siku hizi mambo yamemshinda. Insha ilikuwa safi na yenye huruma. Hata hivyo ilikosea mahali pawili, na kila kosa linastahili kufunguliwa taratibu, kwa sababu makosa hayo hufanywa pia sokoni, kanisani na katika mikutano ya chifu.

Kwanza, neno lenyewe. Uanaume tawala ni dhana iliyoenezwa na mwanasosholojia wa Australia, Raewyn Connell, tangu miaka ya 1980, na zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1995. Watu wengi wakilisikia hudhani linamtaja mwanamume mkali, mlevi au mpiga mke. Hilo ndilo kosa la kwanza la insha ile. Connell alikuwa akitaja kile kinachoheshimiwa. Katika kila jamii wanaume ni wa namna nyingi, lakini namna moja huwekwa juu, na zingine zote hupimwa kwayo. Anayekaa juu si lazima apige mtu. Nguvu yake hasa ni kwamba walio chini wanakubali kuwa yeye ndiye kipimo.

Huku kwetu kipimo hicho kinajulikana bila kuandikwa popote. Ametahiriwa na hakulia. Ana shamba lenye hati. Amelipa ruracio. Watoto wake hawafukuzwi shule kwa karo. Haombi ushauri wa mke mbele za watu, na haendi hospitali kwa maumivu madogo. Hesabu kijijini kwako ni wanaume wangapi wanaotimiza yote hayo. Ni wachache, pengine wawili au watatu katika kila kumi, na hata hao huwa na siri zao. Lakini wale saba waliobaki ndio wanaomcheka jirani anayefua nepi na kusema amekaliwa. Connell anaeleza kwa nini: hata asiyefikia kipimo hupata gawio dogo kutokana nacho. Mwanachama wa chama cha ushirika mwenye miti thelathini ya kahawa hulinda chama kile kile kinacholindwa na mwenye miti elfu mbili. Mwanamume asiye na kitu bado ataketi kwanza, atasikilizwa kwanza, na ardhi itaandikwa jina lake. Kwa hiyo anakitetea kipimo kinachomuumiza.

Kosa la pili ndilo kubwa, nalo limo katika neno "jadi".

Rudini nyuma kidogo. Kabla ya Waingereza kupiga kambi Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, kijana wa Kimeru aliyetoka jandoni hakuambiwa akalishe mke. Aliingia gaaru, nyumba ya wapiganaji, akawa nthaka pamoja na rika lake. Kazi yake ilikuwa kulinda mifugo na mipaka, na kuleta ng'ombe wa watu wengine akiweza. Ndoa ilingoja miaka. Chakula cha kila siku, mtama na maharagwe, kilitoka sana katika mikono ya wanawake, ingawa viazi vikuu vilikuwa zao la mwanamume. Sifa ya mwanamume ilikuwa ujasiri wake katika rika, na baadaye, akizeeka, hekima yake katika baraza, juu kabisa Njuri Ncheke. Uwezo wa kulipa bili haukuwepo kwa sababu bili hazikuwepo.

Serikali ya kikoloni ilikataza uvamizi na kudai kodi ya nyumba kwa fedha taslimu. Ndani ya kizazi kimoja nthaka hakuwa na kazi. Wengi walikwenda kuwa vibarua mashambani mwa walowezi, wakiwa na kipande shingoni. Kisha katika miaka ya 1930 Meru na Embu zikawa, pamoja na Kisii, kati ya sehemu za kwanza ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa. Mwaka 1954 ukaja mpango wa Swynnerton: vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikakusanywa, vikapimwa, vikaandikishwa. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Karatasi ya usajili ilikuwa na nafasi ya mwenye ardhi, na karibu kila mahali ikajazwa jina la mwanamume. Haki za mke, mama mjane na binti, ambazo katika ukoo zilijulikana kwa mdomo, hazikuwa na mstari kwenye fomu. Mwenye hati ndiye aliyekuwa mwanachama wa ushirika, na malipo ya kahawa yaliyochumwa na mke na watoto yalitoka kwa jina lake.

Basi huyo mwanamume mlishaji, mwenye hati na hundi, hana hata miaka mia moja. Alizaliwa na kodi, kahawa na usajili wa ardhi. Babu zetu walimvaa kama koti jipya, na wajukuu wanadhani ni ngozi.

Sasa tazama koti hilo likibana. Chukua familia ya mfano tu, si ya mtu yeyote. Babu aliandikishwa ekari sita mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanawe watatu waligawana, kila mmoja ekari mbili. Mmoja wao ana wana wanne, kwa hiyo kila mjukuu ana nusu ekari. Tuseme mjukuu huyu ana miti 200 ya kahawa, kila mti ukitoa kilo tatu za matunda kwa mwaka. Hizo ni kilo 600. Kiwanda kikilipa shilingi 100 kwa kilo, bei ambayo mkulima hufurahia, anapata shilingi 60,000. Ondoa mbolea, dawa na wachumaji, kisha gawanya kwa miezi kumi na miwili. Kilichobaki hakifiki shilingi 5,000 kwa mwezi. Karo ya mtoto mmoja katika shule ya bweni ya sekondari hupita shilingi 40,000 kwa mwaka.

Mjukuu huyu si mvivu. Hesabu yenyewe haitoki. Babu yake, kwa bidii ile ile, alikuwa na ardhi mara kumi na mbili, na aliuza wakati ambapo bei ya dunia ilishikiliwa na mkataba wa kimataifa wa kahawa. Mgao wa mkataba huo ulivunjika Julai 1989 na bei ikaporomoka. Msingi uliobeba kipimo ukaondoka, kipimo kikabaki palepale. Bado anaulizwa mbele za watu: wewe ni mwanamume gani?

Margrethe Silberschmidt, mtafiti kutoka Denmark, aliyaona haya haya Kisii na kuchapisha kitabu mwaka 1999. Alichokuta ni kwamba mwanamume aliyepoteza nafasi ya kulisha nyumba hakupoteza hamu ya kuheshimiwa. Aliitafuta mahali pa bei nafuu zaidi: katika pombe pamoja na wenzake, katika wanawake wa nje, na katika mkono mzito nyumbani. Ukali huo ulikuwa dalili ya mamlaka yanayoteleza. Hii haiondoi kosa la mpigaji, na sheria ya mwaka 2015 ya kulinda dhidi ya ukatili wa nyumbani haimsamehi. Inasaidia tu kuona kwa nini kumwambia "kuwa mwanamume" ni kumwagia petroli.

Embu inajua gharama. Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu wengi humo na katika kaunti jirani, na wengine wakapofuka. Maswali mengi yaliulizwa kuhusu wauzaji, na yalistahili kuulizwa. Machache yaliulizwa kuhusu sababu ya wanaume wazima kuwa kwenye baa saa nne asubuhi.

Kipimo hiki hufundishwa lini? Zaidi ya popote, katika majuma machache ya jando mwezi wa Novemba na Desemba. Mvulana wa miaka kumi na minne huingia akiwa mwiji, akitumwa maji na kuosha sufuria. Hutoka akiwa mtu ambaye mama hawezi kumtuma tena, na aliyejengewa kijumba chake kando. Hakuna ubaya katika kuvuka. Kila jamii ina kivuko chake. Tatizo ni nani anayefundisha. Zamani yalikuwa mafunzo ya wazee. Siku hizi, mahali pengi, wazee wana shughuli na walioachiwa kazi ni vijana wa miaka ishirini, ambao wenyewe hawana shamba, kazi wala mke. Wao wana kitu kimoja tu cha kuonyesha kwamba ni wanaume, nacho ni kuvumilia maumivu na kuyasababisha. Kwa hiyo hufundisha hicho: kupiga, kulazimisha pombe, kumdharau mama.

Mzazi anaweza kutambua mapema. Mvulana aliyefundwa vizuri hurudi mtulivu, na husema alichofundishwa. Aliyeteswa huficha mgongo, hataki kuoga mtu akiwa karibu, hushtuka akiitwa, au humjibu mama kwa ukali usio wake. Homa, uvimbe au usaha katika kidonda ni jambo la kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama wasimamizi wanasema asionekane na mwanamke. Kabla ya kumpeleka mtoto, mzazi aulize majina ya watakaolala naye, mzee yupi atakuwepo usiku, na kama baba ataruhusiwa kuingia wakati wowote. Akijibiwa kwamba ni siri ya wanaume, baba ni mwanamume pia.

Mwaka 2005 Connell, pamoja na James Messerschmidt, alirudi kuipitia dhana yake na kusisitiza kwamba uanaume tawala hubadilika, na kwamba ulio wa kijijini, wa taifa na wa dunia haufanani. Historia ya milima hii imekwisha kuonyesha hilo: nthaka, kibarua, mwenye hundi, wote ndani ya maisha ya watu watatu. Na la nne linaonekana. Tangu mwaka 2012 sheria inadai ridhaa ya mwenzi kabla ya ardhi ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani, na zipo nyumba ambazo malipo ya kahawa huingia kwenye akaunti ya watu wawili. Katika nyumba hizo swali la karo lina vichwa viwili vya kulifikiria, na mwezi wa Januari mume hana haja ya kujificha.

Anayepigwa nyumbani, awe mke au mume, apige simu nambari 1195 bila malipo. Mwanamume aliyelemewa na mawazo anaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, nayo bila malipo. Jando la mwaka huu litaanza shule zikifungwa, na majina ya watakaolala na wavulana yafaa kuulizwa kuanzia sasa.