DHAMIRI YA MUUGUZI NA HAKI YA MGONJWA



Tumetakiwa tuseme juu ya neno moja: je, muuguzi aweza kukataa kazi ya kutoa mimba kwa sababu ya dhamiri yake?

Twaanza na kesi ya wakunga wawili wa Glasgow, Wakatoliki, wasimamizi wa zamu katika wodi ya wazazi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 yasema mtu halazimishwi kushiriki katika kutoa mimba ikiwa dhamiri yake yakataa. Wao hawakuombwa kutoa dawa kwa mikono yao. Waliambiwa wapange wauguzi, na kuwasimamia na kuwasaidia. Walikataa, wakisema anayempanga mwenzake amekwisha kushiriki.

Hoja yao ina uzito. Katika kazi yetu, anayetoa amri ndiye anayeulizwa matokeo. Tena mtu hawezi kuiacha dhamiri yake mlangoni kama kofia. Mwaka 2013 mahakama ya rufani ya Scotland iliwakubalia.

Waajiri nao walisema: wasimamizi wakijitoa, nani atapanga zamu? Na wagonjwa je? Chama cha wakunga chenyewe kiliingia katika kesi kupinga tafsiri hiyo pana. Desemba 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kushiriki ni kufanya kwa mikono: kutoa dawa ya kuanzisha uchungu, na kumhudumia mama mpaka mimba na kondo la nyuma vimetoka. Kupanga zamu na kupokea simu si kushiriki. Tena mwenye kukataa yampasa amfikishe mgonjwa kwa mwingine asiyekataa.

Sasa tutazame kwetu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, yalinda dhamiri. Kifungu cha 26 chakataza kutoa mimba, ila pale mtaalamu wa afya aonapo haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Kifungu cha 43 chasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Basi fikirini mama afika saa nane za usiku, mimba imeharibika, damu yamwagika, mapigo ya moyo ni mbio na mikono baridi. Muuguzi yu peke yake. Hapa hakuna nafasi ya kukataa: amwekee maji ya mshipani, amwite daktari, amhudumie. Hakuna haja ya kuuliza kwanza mimba iliharibikaje.

Lakini kama si dharura, na mwenzake yupo, yafaa aseme mapema kwa msimamizi, kabla zamu haijapangwa, wala si mbele ya mgonjwa.

Swali lililobaki twawaachieni mjadili: katika zahanati yenye muuguzi mmoja tu, nani abebe mzigo wa dhamiri yake, yeye, mgonjwa, au mwajiri asiyeajiri wa pili?