Mvumo Kati ya Lab na Dab

Msikilizaji, weka sikio kifuani mwa mtoto: lab-dab, lab-dab. “Lab” ni vali za kati ya vyumba vya juu na vya chini zikijifunga, moyo unapoanza kusukuma damu. “Dab” ni vali za mishipa mikubwa zikijifunga, moyo unapolegea ujae tena.

Sasa mchukue binti wa miaka 12 aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi. Daktari anasikiliza huku kidole kikiwa kwenye mshipa wa shingo, maana mpigo wake huja karibu pamoja na “lab”. Anasikia “shuuu” ikijaza nafasi yote hadi “dab”, ikielekea kwapani. Wakati huo vali ya kati ya vyumba vya kushoto ilipaswa kuwa imefungwa. Yaelekea damu inavuja kurudi nyuma. Mvumo mzito baada ya “dab” ungemfanya ashuku vali iliyobana. Kipimo cha ultrasaundi ya moyo ndicho kitakachothibitisha.