Piritoni na Usingizi Wake
Mhadhara wa umma, Kehancha



Simama mbele ya kemisti yoyote kati ya Isebania na hapa Kehancha mvua za masika zikikaribia kwisha, utasikia ombi lile lile: "Nipe dawa ya mafua." Muuzaji haulizi mengi. Anahesabu vidonge kumi vya piritoni, vile vidogo vya manjano, anapokea hela, anamgeukia mwingine. Usiku mteja analala kama gogo, na asubuhi anawaambia wenzake kwamba dawa ile ni kali kwelikweli. Nimekuja kuubishia ukali huo. Usingizi ule hauonyeshi kwamba dawa imefanya kazi uliyoinunulia. Unaonyesha kwamba imeingia chumba ambacho hukuituma.

Nianze na lugha, kwa sababu kosa linaanzia hapo. Neno letu mafua limebeba magonjwa mawili yasiyo na undugu. La kwanza ni mafua ya kuambukizwa, yanayoletwa na virusi. Virusi hivyo ni zaidi ya aina 200, na vingi vyao ni vya jamii ya raino. La pili ni mafua ya mzio, ambayo hayana kijidudu chochote: ni mwili unaopigana na chavua kana kwamba chavua ni adui. Waingereza nao hawakufanya vizuri zaidi. Mafua ya mzio waliyaita homa ya nyasi kavu, ilhali hayana homa, na nyasi kavu hazina hatia. Daktari John Bostock aliueleza ugonjwa huu mbele ya madaktari wa London mwaka 1819, na mgonjwa aliyemweleza alikuwa yeye mwenyewe. Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, ndiye aliyeonyesha katika kitabu chake cha 1873 kwamba mchokozi ni chavua ya nyasi. Alifika mahali pa kurusha tiara zenye vioo vya kunata ili ajue chavua hupaa juu kiasi gani.

Hapa kwetu lawama huangukia mahindi, maana yakitoa mbelewele kila mtu huona ule unga wa manjano. Unga huo, hata hivyo, una chembe kubwa na nzito, na sehemu yake kubwa huanguka karibu na shina. Anayepalilia katikati ya mistari anaweza kuuvuta, lakini aliye barabarani ana sababu ndogo ya kuuogopa. Chavua ya nyasi za malisho na za kando ya barabara ni ndogo zaidi, nyepesi, na husafiri na upepo. Maua mekundu ya uani msiyasingizie: chavua yake inanata, nayo hungoja nyuki.

Sasa niwape mtu mmoja wa mfano. Ni kijana wa bodaboda, anapakia abiria baina ya Kehancha na Isebania. Kila mwaka mahindi yakichanua anaanza kupiga chafya asubuhi, saba au nane kwa mfululizo. Pua inatoa maji meupe kama ya bombani. Macho yanawasha, na kaakaa nalo linawasha hadi analikuna kwa ulimi. Hana homa, koo haliumi, viungo havimuumi. Hali hiyo imedumu wiki tatu, na nyumbani hakuna mwingine aliyeshikwa.

Mlinganisheni na dada yake. Yeye alianza kwa koo kukwaruza, siku ya pili pua ikafunga, siku ya tatu kamasi ikawa nzito na ya manjano, mwili ukachoka. Watoto wawili wakafuata. Baada ya siku tisa wote walikuwa wazima. Ile rangi ya manjano, niseme kwa kupita, haimaanishi kwamba antibaiotiki inahitajika. Ni chembe nyeupe za damu zilizokufa vitani.

Kama ningeruhusiwa swali moja tu la kuwatenganisha ndugu hawa, ningeuliza: kuna kinachowasha? Mafua ya virusi huuma, hukwaruza na hufunga. Mafua ya mzio huwasha. Swali la pili ni muda, kwa kuwa mafua ya kuambukizwa yanayopita siku kumi bila dalili ya kupungua yanastahili kutiliwa shaka.

Kwa nini yawashe? Ndani ya ngozi laini ya pua ya yule kijana kuna seli za ulinzi ziitwazo seli masti, na kila moja imejaa vifuko vya kemikali iitwayo histamini. Misimu iliyopita mwili wake ulitengeneza kingamwili za aina ya E dhidi ya chavua ya nyasi, nazo zimejipachika juu ya seli hizo kama mitego. Chavua ikinasa katika mitego miwili iliyo jirani, seli inamwaga vifuko vyake kwa dakika chache tu. Histamini inaukalia mshipa wa fahamu, mtu anawashwa na kupiga chafya. Inaikalia mishipa midogo ya damu, inavuja, pua inavimba na kutoa maji.

Nimesema "inaukalia" kwa makusudi. Histamini haifanyi lolote mpaka ipate kiti chake, yaani kipokezi, na kiti kinachohusika hapa kinaitwa H1. Dawa za mzio haziondoi histamini wala hazizuii isimwagwe. Zinawahi kiti. Tena zinafanya zaidi ya kukikalia, maana kipokezi cha H1 kina tabia ya pikipiki iliyoachwa ikinguruma: hata pasipo histamini, kinatuma ishara kidogo kidogo chenyewe. Dawa ikikaa, inazima na huo mngurumo. Ndiyo sababu kidonge kilichomezwa kabla ya kwenda shambani husaidia kuliko kilichomezwa baada ya macho kuvimba, histamini ikiwa imeshaketi na kuharibu mambo. Dawa ya kwanza ya namna hii ilielezwa Paris mwaka 1937 na Daniel Bovet na Anne-Marie Staub katika Taasisi ya Pasteur. Ilikuwa na sumu mno kwa binadamu, lakini ilifungua njia, na Bovet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957.

Tufike kwenye usingizi. Histamini haiko puani peke yake. Chini ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna kundi dogo la seli zinazotumia histamini hiyo hiyo kuuamsha ubongo wote. Mchana zinapiga ngoma, usiku zinanyamaza. Viti vinavyopokea ngoma hiyo ni H1 vilevile. Kwa hiyo dawa inayokalia H1 ya pua, ikifika ubongoni, itakalia na H1 ya kuamkia.

Je, inafika? Baina ya damu na ubongo kuna mpaka, na mpaka ninyi mnaujua kuliko mimi. Pale Isebania na Sirare kuna lango lenye maofisa, na kuna njia za panya. Klofeniramini, ambalo ndilo jina halisi la piritoni, ni molekuli ndogo inayopenda mafuta, na kuta za seli ni za mafuta. Inapita njia za panya bila kuulizwa. Ndivyo ilivyo promethazini. Setirizini, loratadini na feksofenadini ni za kizazi cha pili. Hazipenyi mafuta kwa urahisi hivyo, na zikijaribu kupita mara nyingi hukutana na ofisa, pampu ya protini inayozirudisha kwenye damu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walipiga picha ubongo wa watu waliomeza dawa hizi na kuhesabu viti vilivyokaliwa. Dozi ya kawaida ya klofeniramini ilikalia takriban nusu ya viti vya H1. Setirizini miligramu 10 ilikalia kama kimoja kati ya vinane, na ilipoongezwa hadi miligramu 20 ikafika robo. Feksofenadini haikuonekana kabisa.

Turudi kwa kijana wetu. Anasema, mimi si mjinga, nameza piritoni ya miligramu 4 saa tatu usiku, asubuhi imeisha. Haijaisha. Kwa mtu mzima klofeniramini huchukua wastani wa saa 20 hivi kupungua nusu. Saa kumi na mbili asubuhi, anapowasha pikipiki, ni saa tisa tu zimepita, na karibu robo tatu ya dawa bado imo mwilini. Akimeza kila usiku, ya leo inaikuta ya jana. Baada ya siku chache huenda asijione ana usingizi, na hapo ndipo ninapomwogopea zaidi, kwa sababu mkono wake unaweza kuchelewa kubana breki ng'ombe akikatiza na yeye asijue kwamba umechelewa. Busaa au chang'aa juu yake huongeza uzito. Vivyo hivyo vidonge vingi vya mafua vya mchanganyiko, ambavyo ndani yake mna klofeniramini tayari. Anayevimeza pamoja na piritoni amemeza dozi mbili.

Na dada yake je? Kwa mafua ya virusi histamini si mhusika mkuu, basi setirizini haitamfaa. Piritoni humkausha pua kidogo siku mbili za mwanzo, kwa kuwa inakalia pia viti vya asetilikolini, na ukavu ule ule ndio unaokausha kinywa na kumfungia mzee mkojo. Baada ya hapo tofauti haionekani. Akina mama, niwaombe kwa heshima: sharubati hizi msizitumie kumlaza mtoto. Promethazini kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili inaweza kumkatisha pumzi.

Dawa za mzio zina mipaka yake. Zinatuliza chafya, mwasho na maji, lakini pua iliyoziba huzitii kidogo, na hapo dawa ya steroidi ya kupuliza puani hushinda. Anayetokwa na machozi karibu na moshi wa kukaushia tumbaku amekerwa na moshi, hana mzio, na kidonge hakitamsaidia kama kusogea. Anayepiga chafya mwaka mzima, hasa akiamka, pengine ana mzio wa utitiri wa vumbi kitandani. Na anayebanwa kifua au kutoa mlio akipumua asije kwangu wala kemisti, aende hospitali.

Kijana wetu ningempa setirizini miligramu 10, moja kwa siku, akianza wiki moja kabla nyasi hazijachanua. Hata hiyo huwalegeza watu wachache, kwa hiyo kidonge cha kwanza akimeze jioni ya siku ambayo kesho yake hana abiria.