Hawala na Hati ya Ahadi: Jinsi Zinavyoandikwa, Zinavyouzwa Benki na Zinavyotiwa Vitabuni



Tulipoombwa na Halmashauri kuzungumza juu ya hati za deni, wengi walijua sababu yake. Mwanachama mmoja wa chama hiki alitia sahihi yake nyuma ya karatasi ya jirani yake, akidhani anashuhudia tu ya kuwa anamjua. Baadaye alidaiwa Shilingi 60,000, akauza mitamba wawili akalipa. Habari hiyo tutairudia mwisho, kwa maana haifahamiki vema mpaka kwanza tujue karatasi zenyewe ni za namna gani.

Karatasi hizo ni mbili. Ya kwanza ni hati ya ahadi. Hapo mwenye deni mwenyewe ndiye aandikaye, akisema: naahidi kumlipa fulani kiasi fulani siku fulani. Ya pili ni hawala, nayo yaanzia upande wa pili: mwenye kudai ndiye aandikaye, akimwamuru mdaiwa alipe. Mdaiwa hafungwi na amri hiyo mpaka atie sahihi yake mbele ya karatasi kuonyesha kwamba ameikubali. Wafanya biashara wa pwani yetu waliijua desturi hii tangu zamani, kwa jina la hundi, wakati mali ya misafara ilipokuwa ikikopwa Unguja na Mombasa. Hata hundi ya benki tunayoandika leo ni hawala ya aina yake, iliyoelekezwa kwa benki na kulipwa mara inapodaiwa.

Sheria ya Kenya juu ya mambo haya ni Sura ya 27, iliyofuata mfano wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882. Sheria yataka amri au ahadi isiwe na sharti, kiasi kiwe dhahiri, na siku ya kulipa iwe siku inayoweza kujulikana kwa hakika. Neno hili la sharti huwaangusha watu wengi. Mtu akiandika, “Nitalipa Shilingi 20,000 nikisha kuuza mahindi yangu,” hakuandika hati ya ahadi, kwa kuwa huenda mahindi yasiuzwe kamwe. Wala asidhani kwamba mahindi yakiuzwa karatasi itapona. Iliyozaliwa na kasoro hiyo hukaa nayo. Deni laweza kudaiwa kwa njia nyingine, lakini karatasi haipati nguvu za hati. Na kiasi kikiandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, navyo visipatane, maneno ndiyo yafuatwayo.

Sasa tutazame mfano mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Tutawaita watu wetu Mwenye Jumla, aliye Nakuru, na Mwenye Duka, aliye Molo. Mwenye Duka amechukua mabati na saruji ya Shilingi 120,000 tarehe 4 Machi, naye hana fedha mkononi. Mwenye Jumla aandika hivi:

“Nakuru, tarehe 4 Machi. Sh. 120,000. Miezi mitatu baada ya tarehe hii ulipe kwa amri yangu Shilingi mia moja na ishirini elfu, thamani imepokelewa. Kwa Mwenye Duka, Molo.”

Atia sahihi chini, kisha aipeleka Molo. Mwenye Duka aandika kwa kukingama, “Imekubaliwa,” atia sahihi na tarehe, airudisha. Tangu hapo yeye ndiye mdaiwa wa kwanza wa karatasi hiyo, awe ameridhika na saruji au hakuridhika, ikiwa karatasi imefika kwa mtu mwingine aliyeinunua kwa haki kabla ya siku yake, wala hakujua neno la ugomvi wao.

Miezi mitatu yaishia tarehe 4 Juni, lakini sheria yetu huongeza siku tatu za hisani, isipokuwa karatasi yenyewe imesema vingine. Basi siku ya kulipa ni tarehe 7 Juni. Waingereza waliziondoa siku hizo kwao kwa sheria ya mwaka 1971, kwa hiyo msomaji wa vitabu vya huko asikosee hesabu.

Mwenye Jumla hataki kungoja hata Juni, maana ana mali ya kununua. Aipeleka hawala benki siku ile ile, aandika jina lake nyuma, na benki yainunua. Benki haimpi 120,000. Tuseme yatoza asilimia 12 kwa mwaka, nasi tuhesabu miezi mitatu mitupu bila siku za hisani, ili mfano uwe mwepesi. Asilimia 12 ya 120,000 ni 14,400 kwa mwaka. Robo yake ni 3,600. Apokea 116,400. Hapa pana jambo wauzaji wengi hawalioni: kipunguzo chahesabiwa juu ya 120,000, lakini fedha aliyopewa ni 116,400 tu. Ukigawanya 3,600 kwa fedha aliyoipokea hasa, utaona kwamba amelipa asilimia 12.37 kwa mwaka. Tofauti ni ndogo katika miezi mitatu, lakini hukua kadiri muda na kiwango vinavyokua.

Tuje vitabuni. Mali ilipotoka, Mwenye Jumla aliandika 120,000 katika debiti ya hesabu ya Mwenye Duka, na krediti ya Mauzo. Hawala iliporudi imekubaliwa, deni lilibadili nyumba: debiti ya Hawala za Kupokea, krediti ya Mwenye Duka. Alipoiuza benki, aliandika debiti ya Benki 116,400, debiti ya Kipunguzo 3,600, na krediti ya Hawala za Kupokea 120,000. Kule Molo, Mwenye Duka aliandika debiti ya Manunuzi na krediti ya Mwenye Jumla. Alipokubali, debiti ya Mwenye Jumla na krediti ya Hawala za Kulipa. Hawala ilipouzwa benki yeye hakuandika neno lolote, wala hakuwa na haja. Kwake deni ni lile lile, 120,000 tarehe 7 Juni. Lililobadilika ni mkono utakaomletea karatasi. Siku hiyo akilipa, aandika debiti ya Hawala za Kulipa na krediti ya Benki, na habari imekwisha kwa wote wawili.

Sasa tazameni vitabu vya Mwenye Jumla mwezi wa Aprili. Hawala haimo, fedha imo, na hesabu ya Mwenye Duka ni safi. Karani mchanga angesema deni limetoweka, nasi tulisema hivyo tulipokuwa wachanga. Halikutoweka. Yule aliyetia sahihi nyuma ya karatasi amejifunga kwamba mdaiwa wa kwanza asipolipa, yeye atalipa. Basi karani mwema huweka daftari la hawala, lenye tarehe, jina la aliyekubali, kiasi, siku ya kulipa, na mahali karatasi ilipo sasa. Na akifunga hesabu kabla ya tarehe 7 Juni huandika chini yake kwamba kuna hawala ya Shilingi 120,000 iliyouzwa ambayo huenda ikarudi. Asipofanya hivyo, wasomao hesabu watadhani nyumba ni tajiri kuliko ilivyo.

Na tuseme imerudi. Tarehe 7 Juni benki yaipeleka Molo, Mwenye Duka hana fedha. Karatasi yapelekwa kwa wakili mthibitishaji, aandike juu yake kwamba ilidaiwa na haikulipwa. Kwa hawala ya ndani ya nchi si lazima, lakini ni ushahidi mzuri. Tuseme ujira wake ni Shilingi 1,000. Benki yatoa katika hesabu ya Mwenye Jumla 121,000. Yeye aandika debiti ya Mwenye Duka 121,000 na krediti ya Benki 121,000. Mwenye Duka naye aandika debiti ya Hawala za Kulipa 120,000, debiti ya Gharama 1,000, na krediti ya Mwenye Jumla 121,000. Kipunguzo cha 3,600 hakirudi. Mwenye Jumla alinunua muda kwa fedha hiyo, na muda ameutumia. Wale wanaomdai Mwenye Duka hizo 3,600 pia huidai mara mbili, kwa kuwa gharama hiyo ilikuwa ya raha yao wenyewe.

Katika hati ya ahadi vitabu ni vivyo hivyo. Aliyeahidi husimama mahali pa aliyekubali. Lakini liko neno moja la kuangaliwa na vyama kama chetu, ambavyo huwa na watu wawili watatu wa kutia sahihi. Karatasi ikisema “Naahidi,” ikatiwa sahihi na watu wawili, kila mmoja wao aweza kudaiwa peke yake kiasi chote. Ikisema “Tunaahidi,” deni ni la pamoja. Herufi chache tu, na mzigo ni mwingine.

Turudi kwa ndugu yetu wa mitamba. Jirani yake alitoa hati ya ahadi ya Shilingi 60,000, naye akatia sahihi nyuma, bila neno lingine. Aliyekopesha akaiuza hati kwa mfanya biashara mwingine kabla ya siku yake. Sheria yasema mtu atiaye sahihi bila kuwa mtoaji wala mkubali hubeba dhima ya aliyetia sahihi nyuma, kwa huyo aliyeinunua kwa haki. Hakuandika “Shahidi,” wala hakuandika kwamba hatarudiwa. Lo lote la hayo mawili lingalimsaidia. Kwa hiyo hakuonewa alipodaiwa.

Lakini tulipoombwa kutazama barua zake, tuliona jambo la pili, nalo lilituuma. Mwenye hati asipolipwa hana budi kuwapa habari waliotia sahihi nyuma, upesi. Wakikaa mji mmoja, habari ifike siku ya pili yake. Wakikaa mbali, barua itumwe siku ya pili yake, au kwa posta ya kwanza baada yake. Akichelewa bila sababu inayokubaliwa na sheria, waliotia sahihi nyuma wamefunguliwa, ingawa aliyeahidi mwenyewe bado amefungwa. Hati ya ndugu yetu ilikataliwa tarehe 10 ya mwezi, na barua ya kwanza aliyoandikiwa ilikuwa ya wiki tano baadaye, hali anakaa umbali wa maili mbili. Katika barua tulizoonyeshwa hatukuona sababu yo yote ya kuchelewa huko. Wakati huo alikuwa amekwisha kulipa, na mitamba walikuwa wamekwisha kwenda. Tulimshauri ampelekee wakili bahasha ile yenye mhuri wa posta, ambayo kwa bahati hakuitupa, amwulize kama fedha yaweza kurudishwa. Na karatasi yenyewe aliyoilipia tulimwomba aidai mkononi mwake, kwa kuwa ndiyo itakayomwezesha kumdai jirani yake Shilingi 60,000 siku atakapoonekana.